Faida na Kuyumba Kwake: Mkoba wa Uwekezaji Ukilinganishwa na Akaunti ya Akiba kwa Taarifa za Kila Mwezi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hata mali iliyo na daftari yaweza kupotea bila habari, iwapo msomaji wa daftari hilo hajui analotazama. Suala tunalolishughulikia ni hili: mtu au kikundi kimeweka fedha katika hisa na hatifungani, na kila mwisho wa mwezi hupokea taarifa inayoonyesha thamani ya mkoba wake. Je, atajuaje kama mkoba huo umemfaidi kuliko fedha hizohizo zingelala katika akaunti ya kawaida ya akiba? Na je, faida ya ziada, ikiwapo, inatosha kumfidia kwa misukosuko aliyoivumilia?

Swali hili si la wanauchumi peke yao. Vyama vya kuweka na kukopa, vikundi vya akina mama, vikundi vya wahadhiri na hata vya wanafunzi hukabiliwa nalo kila mkutano wa mwaka unapowadia. Hata hivyo, mara nyingi hujibiwa kwa kutazama nambari mbili tu, yaani thamani ya mwanzo na thamani ya mwisho. Tutaona kwamba nambari hizo mbili haziwezi kulijibu.

Istilahi za Msingi

Kabla ya kuingia katika hesabu, yafaa tukubaliane kuhusu maneno. Kwa mkoba wa uwekezaji tunamaanisha jumla ya hisa, hatifungani na fedha taslimu zilizo katika akaunti moja ya mwekezaji. Kwa faida ya mwezi tunamaanisha asilimia ambayo fedha zilizokuwamo mkobani ziliongezeka au kupungua kutokana na uwekezaji wenyewe, wala si kutokana na michango mipya. Faida hiyo yaweza kuwa chini ya sufuri, na hapo ndipo tunapozungumzia hasara.

Neno linalohitaji uangalifu zaidi ni hatari. Katika mazungumzo ya kawaida, hatari ni jambo baya linaloweza kutokea. Katika taaluma hii, hatari hupimwa kwa kuyumba: ni kwa kiasi gani faida ya mwezi mmoja hutofautiana na wastani wa miezi yote? Mkoba unaoongezeka kwa asilimia 1 kila mwezi bila kukosa hauyumbi. Mkoba unaopanda kwa 5 mwezi huu na kushuka kwa 3 mwezi ujao una wastani uleule wa asilimia 1, lakini unayumba sana. Kipimo cha kuyumba huku huitwa mkengeuko sanifu, nasi tutaona hivi punde jinsi unavyokokotolewa.

Mfano wa Chama cha Watu Kumi

Tutunge mfano. Wanachama kumi huchanga shilingi 500 kila mmoja siku ya kwanza ya kila mwezi, yaani jumla ya shilingi 5,000. Fedha hizo zimekusudiwa kuwalipia watoto wao karo ya chuo. Mwaka unapoanza, mkoba wao una thamani ya shilingi 200,000. Gawio hurudishwa mkobani na ada za wakala hukatwa humohumo. Mwaka unapokwisha, taarifa inaonyesha shilingi 288,383.

Mweka hazina anasimama mkutanoni na kutangaza kuwa mali ya chama imekua kwa asilimia 44. Anapendekeza kwamba akiba nyingine ya chama iliyoko benki, inayowapa riba ya asilimia 7 kwa mwaka, ihamishwe yote na kutiwa katika mkoba. Wanachama wanapiga makofi. Je, wapige kura ya ndiyo?

Jedwali lifuatalo linaonyesha thamani iliyoandikwa katika taarifa ya kila mwezi, na kando yake faida halisi ya mwezi baada ya kuondoa mchango.

| Mwezi | Thamani mwishoni (shilingi) | Faida halisi (asilimia) |
|---|---|---|
| Januari | 211,150 | 3 |
| Februari | 213,989 | -1 |
| Machi | 227,748 | 4 |
| Aprili | 225,766 | -3 |
| Mei | 235,381 | 2 |
| Juni | 242,785 | 1 |
| Julai | 242,829 | -2 |
| Agosti | 260,220 | 5 |
| Septemba | 262,568 | -1 |
| Oktoba | 275,595 | 3 |
| Novemba | 274,983 | -2 |
| Desemba | 288,383 | 3 |

Hatua ya Kwanza: Kutenga Michango

Faida halisi ya mwezi hupatikana kwa kuchukua thamani ya mwisho wa mwezi na kuigawanya kwa jumla ya thamani ya mwezi uliotangulia na mchango uliotiwa, kisha kutoa 1. Kwa Januari, wanachama walianza na 200,000, wakaongeza 5,000, na wakamaliza na 211,150. Tukigawanya 211,150 kwa 205,000 tunapata 1.03, yaani faida ya asilimia 3. Hapa tumechukulia kuwa mchango uliingia siku ya kwanza na kwa hiyo ulifanya kazi mwezi mzima. Iwapo mchango huingia katikati ya mwezi, hesabu hubadilika kidogo. Nusu yake ndiyo huongezwa katika kigawanyo, kwa kuwa ulifanya kazi kwa nusu ya muda tu, na mchango wote hutolewa katika thamani ya mwisho kabla ya kupima ongezeko.

Tazama sasa mwezi wa Julai. Taarifa ilitoka 242,785 hadi 242,829, yaani ongezeko la shilingi 44. Mwanachama aliyeitazama alisema mali imetulia. Kwa kweli, mkoba ulipoteza asilimia 2 mwezi huo, takriban shilingi 4,956, na mchango wa shilingi 5,000 ndio ulioifunika hasara hiyo. Hali kadhalika Februari na Septemba: taarifa ilipanda ilhali uwekezaji ulishuka. Mwaka huo ulikuwa na miezi mitano ya hasara, lakini thamani za taarifa zilifichua miwili tu, Aprili na Novemba.

Kwa hiyo, ile asilimia 44 ya mweka hazina si faida. Kati ya shilingi 88,383 zilizoongezeka, shilingi 60,000 zilitoka katika mifuko ya wanachama wenyewe. Uwekezaji ulileta shilingi 28,383. Tukizidisha faida halisi za miezi kumi na miwili mfululizo, yaani 1.03 mara 0.99 mara 1.04 na kuendelea, tunapata 1.122. Mkoba ulifaidi asilimia 12.2 kwa mwaka.

Ikumbukwe kuwa kosa la namna hii laweza pia kuelekea upande wa pili. Mwekezaji ambaye gawio lake hutumwa moja kwa moja katika akaunti yake ya benki hataliona katika thamani ya mkoba. Asipoliongeza kwenye hesabu, ataudhulumu mkoba wake.

Hatua ya Pili: Kuifanya Akiba Ilingane

Riba ya akiba nayo haifai kuchukuliwa kama ilivyotangazwa. Kwanza, benki hutaja riba ya mwaka, ilhali sisi tunapima kwa mwezi. Asilimia 7 kwa mwaka, ikilipwa kila mwezi, ni asilimia 0.583. Pili, nchini Kenya riba ya amana hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla haijamfikia mwenye akaunti. Kinachobaki ni takriban asilimia 0.5 kwa mwezi. Hicho ndicho kizingiti ambacho mkoba unapaswa kukivuka.

Kama chama kingeweka shilingi 200,000 zile na michango yote katika akaunti hiyo, kingemaliza mwaka na shilingi 274,322. Riba ingekuwa shilingi 14,322. Mkoba ulileta 28,383. Tofauti, basi, ni takriban shilingi 14,000 kwa mwaka mzima. Hii ndiyo tuzo ya kweli ya kuacha utulivu wa benki, na ndiyo inayopaswa kupimwa dhidi ya kuyumba.

Hatua ya Tatu: Kugawanya Tuzo kwa Kuyumba

Mwaka wa 1966, mwanauchumi wa Marekani William Sharpe alichapisha makala kuhusu utendaji wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Humo alipendekeza kipimo sahili: chukua wastani wa faida, toa faida ambayo ungeipata bila hatari, kisha ugawanye tofauti hiyo kwa mkengeuko sanifu. Baadaye wataalamu wengine walikipa kipimo hicho jina lake. Sharpe alikuwa mmoja wa wanauchumi watatu waliotunukiwa tuzo ya sayansi ya uchumi ya kumbukumbu ya Nobel mwaka wa 1990.

Tukitumie katika mfano wetu. Jumla ya faida za miezi kumi na miwili ni asilimia 12, na kwa hiyo wastani ni asilimia 1 kwa mwezi. Tukitoa 0.5 ya akiba, inabaki tuzo ya 0.5 kwa mwezi.

Sasa mkengeuko sanifu. Kwa kila mwezi, tunatafuta umbali kutoka kwa wastani. Januari ilikuwa 3, umbali wake ni 2. Aprili ilikuwa -3, umbali wake ni -4. Kila umbali tunauzidisha kwa wenyewe ili alama ya kutoa isiyafute yaliyo upande wa kuongeza. Januari inatoa 4, Aprili inatoa 16. Jumla ya miezi yote ni 80. Tunaigawanya kwa 11, yaani idadi ya miezi ukitoa mmoja, tunapata 7.27, na kipeo chake cha pili ni takriban 2.7. Mkoba uliyumba kwa asilimia 2.7 kwa mwezi.

Tuzo ya 0.5 ikigawanywa kwa 2.7 inatoa takriban 0.19 kwa mwezi. Kwa kuwa desturi ni kukitaja kipimo hiki kwa mwaka, tunazidisha kwa kipeo cha pili cha 12, yaani 3.46, na kupata 0.64. Hatuzidishi kwa 12 kwa sababu tuzo hukua mara 12 katika miezi kumi na miwili, lakini kuyumba hukua mara 3.46 tu: miezi mibaya na mizuri hufutana kwa kiasi fulani. Hili ni kweli iwapo faida ya mwezi mmoja haiathiriwi na ya mwezi uliotangulia.

Nambari 0.64 inasema nini? Inasema kuwa kwa kila asilimia 1 ya kuyumba kwa mwaka, wanachama walilipwa asilimia 0.64 juu ya akiba. Manufaa yake ni kulinganisha. Mkoba mwingine wenye faida kubwa zaidi lakini kipimo cha 0.3 haukuwa bora. Ulibeba mzigo mkubwa kwa malipo madogo.

Linganisha pia na yale ambayo mweka hazina angeyapata asipotenga michango. Akichukua mabadiliko ya thamani za taarifa jinsi zilivyo, wastani wake utakuwa asilimia 3.13 kwa mwezi na mkengeuko 2.79. Kipimo chake kwa mwaka kitazidi 3. Nambari kama hiyo, kwa mkoba wa hisa, yapaswa kumshtua msomaji badala ya kumfurahisha. Michango ya kila mwezi imeinua wastani bila kuongeza sana kuyumba, na hivyo kipimo kimevimba mara tano.

Mwaka Mmoja Unaweza Kusema Nini?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Hata baada ya kuhesabu kwa usahihi, je, tumethibitisha kuwa mkoba ni bora kuliko akiba? Tuzo yetu ya 0.5 kwa mwezi ni wastani wa miezi kumi na miwili tu, na wastani wa miezi michache nao huyumba. Kiasi cha kuyumba kwa wastani hupatikana kwa kugawanya 2.7 kwa kipeo cha pili cha idadi ya miezi. Kwa miezi 12 ni 2.7 gawanya kwa 3.46, yaani 0.78.

Kanuni ya kawaida ya takwimu ni kuruhusu mara mbili ya kiasi hicho kila upande. Tuzo ya kweli ya mkoba huu, basi, yaweza kuwa popote kuanzia takriban -1.1 hadi 2.1 kwa mwezi. Sufuri imo ndani ya masafa hayo. Kwa maneno mengine, mkoba usio na ubora wowote kuliko akiba ungeweza kwa bahati tu kuonyesha mwaka kama huu.

Ingechukua muda gani ili bahati iondolewe? Tukitaka tuzo ya 0.5 iwe angalau mara mbili ya kuyumba kwa wastani, tunahitaji miezi kama 117, yaani karibu miaka kumi ya taarifa. Hapa pana funzo gumu. Wanachama wengi hufanya uamuzi baada ya mwaka mmoja mzuri, na huubatilisha baada ya mwaka mmoja mbaya. Mara zote mbili huwa wanaitikia bahati.

Bei Isiyosogea

Kikwazo cha pili ni chenye hila zaidi. Kipimo hiki huamini kwamba thamani iliyoandikwa mwisho wa mwezi ni bei ambayo mali ingeuzwa siku hiyo. Sivyo daima. Mnamo Julai 2020, biashara ya hisa za shirika la ndege la Kenya Airways ilisimamishwa katika Soko la Hisa la Nairobi, bei ya mwisho ikiwa shilingi 3.83. Hisa hizo hazikurejea sokoni hadi Januari 2025. Taarifa yoyote iliyoendelea kuandika bei ile ya mwisho ingeonyesha mali isiyoyumba hata chembe kwa miaka minne na nusu. Mkengeuko wake ungekuwa sufuri, ilhali mwenye hisa hangeweza kuziuza sokoni hata kwa dharura. Hesabu ingeita utulivu kile ambacho kwa kweli kilikuwa kufungwa kwa mlango.

Hali hiyohiyo, kwa kiwango kidogo, huzipata hisa zisizonunuliwa mara kwa mara, na viwanja ambavyo thamani yake hukadiriwa mara moja kwa mwaka. Dalili yake ni rahisi kuitambua katika taarifa: thamani inayojirudia ileile mwezi baada ya mwezi, au faida zinazofuatana kwa ulaini, mwezi mmoja ukifanana na uliotangulia. Ukiona hivyo, usikiamini kipimo. Kigawanyo kimepunguzwa, na matokeo yamekuzwa bure.

Aidha, akaunti ya akiba nayo tumeichukulia kuwa haina hatari. Hilo ni kweli kwa mipaka. Tangu mwaka wa 2020, bima ya amana nchini Kenya humlinda kila mwenye amana hadi shilingi 500,000 katika benki moja. Fedha za chama chetu zingekuwa ndani ya kiwango hicho. Chama chenye mamilioni katika benki moja hakina budi kukumbuka kuwa ziada haimo katika ulinzi huo.

Hitimisho

Turejee kwenye kura. Mweka hazina alitangaza asilimia 44. Hesabu sahihi imetupa 12.2, dhidi ya takriban 6 ambazo akiba ingeleta baada ya kodi. Tuzo ni shilingi 14,000 hivi. Kuyumba kwa 2.7 kwa mwezi kunamaanisha kuwa mwezi mbaya, ulio mikengeuko miwili chini ya wastani, ungeshusha mkoba kwa takriban asilimia 4.4. Kwa mkoba wa shilingi 288,383 hiyo ni kama shilingi 12,700. Mwezi mmoja kama huo ungetosha kuimeza karibu tuzo yote ya mwaka.

Kwa hivyo, uamuzi unategemea wakati ambapo fedha zitahitajika. Karo ya mtoto anayeingia chuoni Septemba ijayo haina miezi 117 ya kusubiri. Mahali pake ni benki. Fedha za mtoto aliye katika darasa la pili zina muda huo, na kwake tuzo ya 0.5 kwa mwezi, hata kama haijathibitishwa, ni bahati inayostahili kujaribiwa. Chama hakilazimiki kupiga kura moja kwa fedha zote. Kinachostahili kufanywa mkutanoni ni kuzigawa kwa tarehe za matumizi, kisha kumwagiza mweka hazina aongeze safu moja katika daftari lake, ile ya faida halisi baada ya kutenga michango, na aisome hiyo kwanza kabla ya kusoma thamani ya mwisho.